Mtoto anagaagaa kitandani saa nzima kabla ya usingizi. Nimcheleweshe kulala kwa makusudi?

Mama K (Tabata, Dar)

Habari za jioni wapendwa. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 4. Saa 1:30 usiku namuogesha, anakunywa maziwa, saa 2:00 kamili namwingiza kwenye chandarua na kuzima taa. Hapo ndipo kazi inaanza. Anaomba maji. Anasema kojo, tunakwenda, hakuna kojo. Anamtaka baba. Anaimba, ananipanda kichwani, anahesabu vidole vyangu. Halii, ila usingizi hana. Analala saa 3 na kitu, na mimi nimeshachoka hata nguo za kesho sijapiga pasi.

Mwenzangu mmoja kazini kaniambia nisimlaze saa 2, nimcheleweshe mpaka saa anayosinzia kweli, halafu nirudi nyuma taratibu. Kwangu inasikika kinyume. Mtoto asiyelala mapema ndio nimcheleweshe tena? Kuna aliyefanya?

Kaka wa Kisauni

Tatizo ni usingizi wa mchana, dadangu. Futa kabisa. Wangu wa miaka 4 nilimfutia, siku hizi saa 1:30 ashazima kama taa. Usihangaike na mahesabu.

Bi Mkubwa, Tanga

Mwanangu, sisi tumelea saba. Mtoto analazwa na kuku. Ukimkesha anachoka kupita kiasi, na mtoto aliyechoka kupita kiasi ndiye asiyelala. Mpake mafuta ya nazi nyayoni, muimbie, atalala.

Mama K

Shikamoo bibi. Mafuta namkanda kila siku, anayapenda, ila ndio kwanza anachangamka.

Mama Miezi Saba

Afadhali wako jamani. Wangu wa miezi 7 anaamka mara tano usiku anataka ziwa. Na mimi nimcheleweshe kulala?

Muuguzi wa Kibaha

Mama K, nimefanya kazi na watoto miaka 11 na swali lako nalisikia kila wiki. Huyo mwenzako wa kazini kakwambia kitu cha kweli. Kabla sijakueleza nijibu matatu. Asubuhi anaamka saa ngapi, mwenyewe au unamwamsha? Mchana analala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Na akilala, anakoroma au anahema kwa mdomo?

Mama Miezi Saba, wako ni jambo jingine. Yeye kulala analala, ila hawezi kurudi usingizini bila ziwa. Na kwa umri wake baadhi ya hizo mara anaamka kwa njaa ya kweli. Fungua uzi wako nitakuja, usichanganye na huu.

Mama K

Asante dada. Asubuhi saa 12:00 namtoa kitandani kwa sababu mimi natoka 12:30, lakini mara nyingi namkuta macho. Hata Jumamosi hapiti 12:15. Mchana analala kuanzia saa 8:00 mpaka saa 10:30, dada wa nyumbani ananiambia analala kama mzigo. Hakoromi.

Muuguzi wa Kibaha

Vizuri. Sasa usibadilishe chochote kwa siku saba. Lala naye kama kawaida, ila andika dakika aliyolala kweli. Usiandike saa uliyomlaza, andika saa macho yalipofunga na pumzi ikatulia. Mwambie na dada wa nyumbani aandike mchana. Bila hiyo karatasi tutakuwa tunabahatisha.

Ukiwa unasubiri, nikueleze kwa nini si kinyume. Usingizi wa mtoto unasukumwa na vitu viwili. Cha kwanza ni uchovu unaojikusanya tangu alipoamka, kama maji kwenye ndoo, na kila akisinzia mchana ndoo inamwagwa. Wako anaamka saa 10:30 jioni na ndoo tupu, halafu baada ya saa tatu na nusu unamwambia alale. Cha pili ni saa ya mwilini, ambayo haijui ya ukutani inasema nini. Jioni ubongo unaanza kutoa homoni ya usingizi kwa wakati wake, na wakati huo hutofautiana mtoto kwa mtoto. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyopima mate ya watoto 14 wa miezi 30 hadi 36 jioni. Wale waliolazwa karibu mno na muda homoni inapoanza kupanda ndio waliochukua muda mrefu kupata usingizi. Tena saa moja au mbili kabla ya usingizi wenyewe, mwili huwa macho kuliko hata alasiri. Hapo ndipo wewe unazima taa.

Kuna na hasara nyingine. Kila usiku akikaa macho saa nzima ndani ya chandarua, kitanda anakijua kama mahali pa kuimba na kubishana na mama. Ndiyo maana hatusemi mvumilie tu mpaka alale. Tunamtoa kwenye hiyo saa nzima, kitanda akutane nacho akiwa tayari anasinzia.

Bibi wa Tanga, kwa heshima zote, mtoto aliyechoka kupita kiasi yupo, ila yeye ana dalili zake. Analia ovyo jioni, anaanguka ovyo, anasinzia kwenye gari akiguswa tu na kiti, asubuhi haamki. Huyu anaimba na kuhesabu vidole, na Jumamosi anaamka mwenyewe 12:15. Hana deni la usingizi.

Bi Mkubwa, Tanga

Haya mwanangu, nimesikia. Mimi bado nasema saa 3 ni usiku mno kwa mtoto wa miaka miwili.

Dereva wa Mbezi

Shemeji yangu alikuwa anampa wake kijiko cha dawa ya mafua ile inayosinzisha. Dakika kumi kimya.

Muuguzi wa Kibaha

Hapana, tafadhali asijaribu mtu. Dawa za namna hiyo zipo zinazoweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo, na wapo watoto zinaowachangamsha badala ya kuwalaza. Mtoto asiyeumwa hapewi dawa ili mama apumzike.

Mama K

Wiki imeisha, hii hapa karatasi. Taa nazima saa 2:00 kila siku. Alilala Jumatatu 3:05, Jumanne 3:20, Jumatano 3:10, Alhamisi 2:50, Ijumaa 3:25, Jumamosi 3:15, Jumapili 3:10. Mchana karibu kila siku saa mbili na nusu, isipokuwa Alhamisi dada alikwenda naye sokoni akalala saa moja na nusu tu.

Muuguzi wa Kibaha

Umeandika vizuri sana. Wastani wako ni saa 3:10. Kutoka hapo mpaka 12:00 asubuhi ni saa 8 na dakika 50, ongeza mchana saa 2 na nusu, unapata saa 11 na dakika 20 kwa siku nzima. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anapendekezewa saa 11 hadi 14 pamoja na za mchana, kuanzia miaka 3 ni 10 hadi 13. Yuko upande wa chini, lakini yumo. Sasa angalia ulichokuwa unamdai. Saa 2:00 usiku mpaka 12:00 asubuhi ni saa 10, na mchana 2 na nusu, jumla 12 na nusu. Unamuomba saa moja na dakika kumi ambazo hana, na ndizo hizo anazikesha na wewe.

Njia hii ya kuchelewesha ilipoandikwa na watafiti Piazza na Fisher mwaka 1991, walichukua wastani wakaongeza nusu saa, na mtoto asipolala upesi wakamtoa kitandani kabisa kwa muda kabla ya kumrudisha. Kwa mtoto mpole kama wako sioni haja ya ukali huo. Anza saa 3:15. Akilala ndani ya dakika 15 au 20 kwa siku mbili tatu mfululizo, rudisha nyuma dakika 15. Akizidi dakika 20 siku mbili, rudi hatua moja ulikotoka.

Asubuhi saa 12:00 haiguswi, hata Jumapili, hata akilala saa 4 usiku. Ukimwacha afidie mpaka saa 2 asubuhi, usiku wake nao unasogea na kazi yote imekwisha.

Na yote unayomfanyia saa 1:30 yahamie 2:45, kwa mpangilio uleule. Kabla ya hapo mkae sebuleni au barazani, taa hafifu, televisheni na simu zimezimwa. Atasinzia kwenye kochi, usimruhusu, hata dakika tano zinamwaga ndoo. Mfute uso kwa kitambaa chenye maji, tembea naye.

Kama mtoto ana kifafa usifanye haya bila daktari wake, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kuamsha kifafa. Anayekoroma kila usiku naye aonwe koo na pua kwanza.

Kaka wa Kisauni

Mbona mchana hujamfutia? Ile Alhamisi alilala mchana kidogo akawahi 2:50. Imenithibitisha.

Muuguzi wa Kibaha

Umeona jambo la kweli, kaka, ila wako ana miaka 4, huyu ana miwili na miezi minne. Wengi wa umri wake bado wanauhitaji mchana. Ukiufuta wote unampata mtoto anayelia kuanzia saa 11 jioni na kusinzia akila ugali saa 12:30, na huko ndiko kwenye uchovu anaousema bibi. Tutaupunguza ikibidi. Nataka kwanza tubadilishe kitu kimoja, tuone kinafanya nini.

Mama K

Siku ya kwanza: 3:15 taa imezimwa, alilala 3:35. Alizoea kupigana, akaomba maji mara moja. Siku ya pili 3:25. Ya tatu 3:22. Jamani dakika saba! Nilikaa pale gizani nikisubiri aniite, hakuniita. Nimepiga pasi.

Kilicho kigumu ni kati ya saa 2 na saa 3. Baba yake amezoea kuangalia taarifa ya habari saa 2:00. Tumekubaliana anasikiliza redio kwa sauti ya chini.

Baba Pacha

Hapo kwenye televisheni ndipo sisi tulipoangukia. Tulichelewesha pacha wetu mpaka saa 3:30, lakini ile saa ya kungojea tukawawekea katuni ili watulie. Wiki mbili, wakawa wanalala saa 4 kasoro, halafu saa 4 na robo. Tukasema njia mbovu tukaacha. Kumbe tulikuwa tunasogeza kwa mwanga?

Muuguzi wa Kibaha

Inawezekana sana. Macho ya mtoto wa umri huo hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu, na mwanga mkali saa ile huizuia homoni ya usingizi. Tena katuni ni tamu, nani afumbe macho? Ila sikuona karatasi yenu, kwa hiyo sitasema ni katuni peke yake. Pacha pia huamshana.

Mama K

Siku ya nne nimerudi 3:00, kalala 3:12. Ya tano 3:10. Ya sita nikaweka 2:45, kalala 3:15. Ya saba 2:45 tena, 3:10. Amerudia kuimba. Nirudi 3:00?

Muuguzi wa Kibaha

Ndiyo, rudi 3:00 leo usibishane naye. Umefika kwenye ukuta, na ukuta wenyewe ni saa 10:30 jioni anapoamka. Sasa ndio tunagusa mchana. Mwambie dada wa nyumbani ampe chakula saa 6:30, amlaze saa 7:00, amwamshe saa 9:00. Ni nusu saa tu pungufu, ila jioni anapata saa moja na nusu zaidi ya kukusanya uchovu. Siku mbili za kwanza hatalala saa 7 kamili, asikate tamaa.

Mama K

Dada hakufurahi. Saa 8 mpaka 10:30 ndio muda wake wa kufua na kupumzika, na mimi namwelewa. Tumekubaliana kufua kuhamie asubuhi, mtoto acheze na beseni lake uani pembeni yake, na saa 9 akiamka watoke nje pamoja.

Bi Mkubwa, Tanga

Mimi hapo nimefurahi. Kumwamsha mtoto mapema alasiri na kumtoa nje jua likipungua, hayo ndiyo malezi yetu. Tulikuwa hatuna karatasi tu.

Mama K

Nimepotea siku nane, naomba radhi. Mambo yalikwenda vizuri halafu nikayavuruga. Kwa mchana wa saa 7 hadi 9, siku ya tatu alilala kwa 2:45 ndani ya dakika 15. Nikakaa hapo, nikashuka 2:30, kalala 2:43. Jumapili tukaenda kwa bibi yake Kigamboni. Kurudi tukakaa kwenye foleni ya kivuko, saa 12 jioni kanilalia begani kama dakika 25. Usiku huo alilala saa 4:30. Jumatatu ilikuwa sikukuu, nikamhurumia, nikamwacha mpaka saa 2 asubuhi. Jumatatu usiku 3:40. Jumanne 3:20. Nilitaka kulia.

Muuguzi wa Kibaha

Pole. Kivuko si kosa lako. Kilichokugharimu zaidi ni asubuhi ya Jumatatu. Dakika 25 za begani zinaharibu usiku mmoja, lakini saa mbili za asubuhi zinausogeza mwili mzima. Panda hatua mbili, weka 3:00, asubuhi 12:00 bila huruma, na utashuka upesi kuliko mara ya kwanza. Siku ya safari tena, kama ni lazima asinzie njiani, basi usiku ule usimlaze saa ya kawaida, msubiri mpaka umwone anasugua macho.

Mama Uswidi

Nasoma nikiwa Stockholm. Sisi Juni jua linazama baada ya saa 4 usiku, binti yangu wa miaka 3 ananiambia "mama bado mchana" na hakosei. Nimeanza kuandika kama ulivyosema, wastani wangu ni saa 4 kasoro dakika 10. Nianze na saa au na pazia?

Muuguzi wa Kibaha

Pazia nzito kwanza, dada, na kuanzia saa 2 mfunge hata sebuleni. Andika wiki nyingine ndipo uanze kusogeza. Mimi mwanga wa huko sijawahi kuushughulikia, mwulize na muuguzi wa kliniki yenu ya watoto.

Mama K

Ripoti. Nilianza 3:00, siku mbili. 2:45, siku mbili. 2:30 siku tatu, analala kati ya 2:40 na 2:50. Jana nikajaribu 2:15 kwa sababu roho yangu ilikuwa bado inataka ile saa 2. Dakika arobaini! Maji, kojo, vidole. Nimerudi 2:30.

Muuguzi wa Kibaha

Piga hesabu tena. 2:45 mpaka 12:00 ni saa 9 na robo, mchana saa 2, jumla saa 11 na robo. Ulipoanza ilikuwa 11 na dakika 20. Mtoto ni yuleyule, usingizi wake ni uleule, tumeuhamisha tu kutoka alasiri kwenda usiku. Saa 2:00 utaipata ukipunguza mchana zaidi, na kwa sasa sikushauri.

Kaka wa Kisauni

Kwa hiyo mwisho wa yote ni mchana, kama nilivyosema.

Muuguzi wa Kibaha

Sehemu yake, kaka. Bila kuchelewesha angekuwa bado anaimba ndani ya chandarua, amezoea. Ila ni kweli sijui angefika wapi kama tungeanza na mchana peke yake.

Bi Mkubwa, Tanga

Na akifika miaka mitatu? Atakuwa analala saa 2 na nusu mpaka lini?

Mama K

Bibi, nitaanza kuandika tena mchana ukianza kumkataa. Leo nimezima taa 2:30. Ameniambia "mama, lala," akanigeuzia mgongo. 2:41.